Mtoto anagonga kichwa kitandani na kujitikisa kila usiku: ni kawaida, ni degedege, au ni kitu kingine?

Mama_Pasiansi
Habari za jioni wadau. Nina kijana wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Kila akilazwa anapiga magoti na kushika godoro kwa mikono, halafu anaanza kwenda mbele na nyuma. Kila akienda mbele paji la uso linagonga ubao wa kichwani wa kitanda. Kitanda ni cha mninga, kwa hiyo mpaka chumba cha pili wanasikia. Hana homa, halii, macho yamelegea tu kama mtu mwenye usingizi. Paji la uso limeota kigamba kigumu, ukubwa wa sarafu. Mama mkwe anasema ni degedege la usingizini na anataka twende Magu kwa mzee mmoja akachanjwe chale. Naomba mwenye ujuzi anieleze kabla sijaamua.

Mkwaju_Mkavu
Pole dada. Hiyo ni deko. Mtoto akijua ukisikia mlio unakuja mbio, atagonga mpaka asubuhi. Usimjali, ataacha. Na mpime minyoo na damu, huku kwetu ziwani watoto wengi damu yao iko chini na ndiyo inawafanya wasitulie usiku.

Tabibu_Ziwani
Mama Pasiansi, pole na usingizi mbovu. Kwa maelezo yako hilo halifanani na degedege, ila kuna mambo matatu nahitaji uyaangalie usiku wa leo, nitayataja hapa chini.

Kwanza ujue unachokiona. Watoto wengi wachanga wana mwendo wa kujirudiarudia wanapoelekea kulala. Wengine wanajitikisa mwili mzima, wengine wanageuza kichwa kushoto na kulia juu ya godoro, wengine wanagonga. Kujitikisa huanza karibu na miezi 6, kugonga huanza baadaye kidogo, wengi karibu na miezi 9. Kwa wanaogonga, wavulana ni wengi kuliko wasichana. Wengi huacha wenyewe kabla ya kufika miaka 4. Mwendo unakuwa na mapigo yaliyo sawasawa, kama moja kwa sekunde, na mara nyingi hauzidi dakika 15. Unakuja ule muda wa kati ya kuwa macho na kulala, na unaweza kurudi usiku wa manane mtoto anapozinduka kidogo na kutafuta usingizi tena.

Kwa nini wanafanya? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwendo wa mwili unaamsha sehemu ya ndani ya sikio inayohusika na mizani, na hiyo inamtuliza mtoto. Ni kitu kilekile unachomfanyia ukimfunga mgongoni kwa kanga ukatembea naye. Huyu amejua kujifanyia mwenyewe.

Sasa degedege. Mtoto mwenye degedege la homa ana joto, anakakamaa au anatetemeka mikono na miguu, macho yanapinduka, ukimwita hasikii, na likiisha anakuwa mlegevu au analala fofofo. Pwani ya ziwa hapa likimpata mtoto mwenye homa ni kukimbia kituo cha afya apimwe malaria, si kusubiri asubuhi. Mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Mtoto wako hana hata kimoja cha hivyo.

Haya, ya usiku wa leo. Akianza kugonga, washa simu umrekodi tangu mwanzo mpaka mwisho, taa ikiwa imewaka na uso ukionekana. Baada ya nusu dakika mwite jina lake kwa sauti ya kawaida. Kisha weka kiganja chako mgongoni mwake. Mwendo wa kujituliza unakatika, hata kama ataanza tena ukimwachia. Wakati mwingine anachelewa sekunde chache kwa sababu amezama kwenye usingizi, lakini mwishowe anakutazama. Mtikisiko wa degedege hauachi kwa kushikwa: utausikia unaendelea chini ya kiganja chako. Tuambie umeona nini.

Na chale hapana. Hazibadilishi chochote kwenye mwendo huu, na wembe mmoja unaopita kwa watoto wengi unaleta homa ya ini na virusi vya ukimwi.

Fundi_Nyegezi
Mimi mambo ya hospitali sijui, ila vitanda navijua. Mtoto akitikisa kitanda kila siku, boliti zinazoshika ubao wa kichwani na mbao za pembeni zinalegea taratibu. Ubao ukilegea, pengo linafunguka kati yake na godoro, na mkono wa mtoto unaingia pale. Kaza boliti kila wiki, na upande wa nati weka washa, ile pete bapa. Kama kitanda kimepigwa misumari tu, msumari unachomoza, pitisha kiganja upande wa ndani ukague. Chaga nazo zinaruka, hasa zile zilizowekwa bila kupigiliwa. Kisogezwe kitanda mbali na ukuta ili kisigonge tofali, au kigande ukutani kabisa bila nafasi. Pengo la kuingia kichwa cha mtoto ndilo baya kuliko yote.

Mama_Pasiansi
Asante fundi. Je, nikishonea sponji pale kichwani?

Fundi_Nyegezi
Inawezekana. Shona foronya ngumu, sponji iwe ndani kabisa asiweze kuinyofoa na kuila. Kamba zifungwe nyuma ya ubao, fupi, zisining'inie upande wake.

Tabibu_Ziwani
Fundi yuko sahihi. Nyongeza yangu: kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka msimzungushie mito wala sponji, anaweza kuzibwa pumzi. Kwa huyu wa mwaka na zaidi, sponji iliyofungwa vizuri inapunguza kelele na kigamba. Ila msishangae akihama na kutafuta sehemu ngumu, wapo watoto wanaofanya hivyo kwa sababu ugumu wa mbao unawapa hisia wanayoitaka.

Njia rahisi kuliko zote ni godoro chini, katikati ya chumba, mbali na ukuta kiasi kwamba hata akisogea usiku hafiki. Atajitikisa lakini hatakuwa na cha kugonga. Tandika mkeka chini ya godoro, na asubuhi liinueni lipate hewa maana sakafu ya saruji inatoa unyevu. Chandarua kichomekwe pande zote nne.

Mkwaju, kwenye damu umegusa jambo la kweli. Upungufu wa madini ya chuma unaharibu usingizi wa watoto na kupima wingi wa damu hakuna hasara. Lakini asipewe dawa ya madini ya chuma kwa kubahatisha, chupa ile ikizidi kipimo ni sumu kwa mtoto mdogo. Na hilo la deko halihusiani na kugonga kwa usingizi. Mtoto aliyesinzia hafanyi hesabu ya nani anakuja.

Mkwaju_Mkavu
Sawa dokta, lakini mchana je? Wapo wanaojigonga sakafuni wakinyimwa kitu. Hiyo ni deko na ukiijali unaiongeza.

Tabibu_Ziwani
Hiyo ni habari nyingine, na hapo nakubaliana nawe nusu. Mtoto wa miaka miwili ana hasira kubwa na maneno machache. Akinyimwa simu anajitupa na kugonga kichwa chini. Ukimpa simu ili aache, kesho atagonga mapema zaidi. Lakini "usimjali" isiwe na maana ya kumwacha kwenye saruji. Mnyanyue kwa nyuma, mikono yako chini ya makwapa yake, umkalishe kwenye mkeka au godoro. Kaa karibu, uso mtulivu, maneno mawili matatu tu, na kile alichonyimwa kibaki kimenyimwa. Akitulia, mpe kitu kingine cha kufanya. Watu wa nyumba nzima wafuate utaratibu mmoja. Bibi akimpa simu kwa siri, kazi yote imeharibika.

Mwalimu_Igoma
Nafundisha darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, kwa hiyo naomba nipunguze kidogo hayo ya "kibaki kimenyimwa". Wapo watoto wanaogonga mchana kwa sababu hawana njia nyingine ya kusema. Ukimnyima jibu mtoto asiye na maneno, unamnyima na mawasiliano. Mfundishe kwanza kuonyesha kwa kidole, kusukuma kitu mbali, kunyoosha mikono abebwe. Akitumia ishara hiyo hata mara moja, mjibu papo hapo. Kugonga kunapungua kwa sababu amepata njia iliyo rahisi.

Na swali kwa mama: ukimwita jina anageuka? Anakuonyesha vitu kwa kidole ili nawe uvitazame? Naona watu huku mtaani wakisikia mtoto anajitikisa wanasema usonji moja kwa moja.

Tabibu_Ziwani
Mwalimu, nashukuru, hapo umenirekebisha vizuri. Mimi ninachosisitiza ni kutomlipa kwa kugonga. Ukimlipa kwa kuonyesha kidole, tuko pamoja.

Kuhusu usonji: kujitikisa peke yake hakutoshi kusema hivyo. Watoto wengi wanaojitikisa wakati wa kulala hukua kama wenzao. Kinachonitia wasiwasi ni mwendo huo ukiwa mchana kutwa, mtoto anaacha kucheza ili ajitikise, na pamoja nao haitiki jina akiwa na mwaka, haonyeshi kwa kidole akifika miezi 18, au alikuwa na maneno akayapoteza. Kupoteza ujuzi aliokuwa nao ni sababu ya kwenda hospitali wiki hiyohiyo, hata bila kugonga. Na kabla ya kusema usonji, apimwe kusikia na kuona. Mtoto asiyeona vizuri hujitikisa na kubonyeza macho yake kwa vidole, na asiyesikia haitiki jina kwa sababu hiyo tu.

Kugonga kunakoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 3, au kunakotoa damu na majeraha, nako kaonyesheni.

Binti_Ukerewe
Samahani naingilia, naona ni tatizo moja na letu. Wangu ni wa kike, miezi 7, tuko Ukerewe. Yeye hagongi, anainamisha kichwa na mwili kama anayesujudu, mikono inafunguka, halafu anarudi. Anafanya akiamka tu, mara nyingi mfululizo, kisha analia. Nimesoma hapo juu kwamba ataacha mwenyewe, nimefarijika. Nitamwekea mkeka.

Tabibu_Ziwani
Binti Ukerewe, subiri. Wako si tatizo moja na la Mama Pasiansi. Nijibu haya sasa hivi: akiinama, ni haraka kama aliyeshtuliwa, au polepole kama anayebembea? Kati ya kuinama kumoja na kwingine kuna kituo? Ukimshika anaendelea? Alikuwa anakaa au anashika vitu, na sasa ameacha? Na alipozaliwa alilia mara moja?

Binti_Ukerewe
Ni haraka, kama ameguswa na umeme. Anainama, anatulia kidogo kama ukihesabu mpaka kumi hivi, anainama tena. Inaweza kufika mara ishirini. Nikimshika haachi. Alikuwa anacheka sana, wiki tatu hizi hacheki, na toy hashiki tena. Alipozaliwa alichelewa kulia, walimpa hewa.

Tabibu_Ziwani
Mama, hiyo inaweza kuwa aina ya kifafa cha watoto wachanga. Sijamwona mtoto wala sijathibitisha, lakini maelezo yako yote yanaelekea huko: mshtuko wa ghafla wa sekunde moja au mbili, kituo, mshtuko tena, vinakuja kwa makundi baada ya kuamka, kulia katikati, kuacha kucheka. Huanza zaidi kati ya miezi 3 na 7, na kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa ni mojawapo ya sababu zake. Hakiishi kwa mkeka. Kila wiki inayopita bila dawa inaweza kumrudisha nyuma zaidi, na dawa zipo, nyingine ni vidonge vinavyopatikana kwetu. Kipimo na aina atapanga daktari akimwona. Usinunue dukani.

Fanya hivi. Kesho asubuhi akiamka mrekodi kundi zima, mwili wote uonekane, si uso pekee. Hesabu ameinama mara ngapi na andika saa. Kisha siku hiyohiyo mpeleke Nansio, hospitali ya wilaya, na video hiyo pamoja na kadi ya kliniki. Omba rufaa ya kuja Bugando kwa daktari wa watoto, umwambie kwa maneno haya: anashtuka kwa makundi akiamka na ameacha kucheka. Usiseme "anatikisa kichwa", maana mtu mwenye foleni ndefu atakwambia ni kawaida. Bugando wataamua kama afanyiwe kipimo cha umeme wa ubongo, mara nyingi akiwa usingizini, kwa hiyo uliza kama azuiwe kusinzia kabla ya kipimo.

Kingine, mvue nguo ukague ngozi yote kwenye mwanga wa jua. Ukiona mabaka meupe yenye umbo la jani, mwonyeshe daktari. Yanaweza kuonyesha chanzo.

Mkwaju_Mkavu
Dokta, yaani hata mimi ningesema ni kujibembeza. Mtu wa kawaida atatofautishaje?

Tabibu_Ziwani
Angalia mapigo yenyewe. Kujibembeza hakuna kituo, kunaenda na kurudi kwa mwendo ule ule, na mtoto anaonekana ameridhika. Mshtuko una ghafla na kituo, na mtoto anaonekana amesumbuliwa. Kisha angalia muda: kujibembeza kunakuja akienda kulala, mshtuko wa aina hii unapenda kuja akitoka usingizini. Si sheria isiyovunjika, ndiyo maana nasisitiza video. Video ya dakika mbili inamsaidia daktari kuliko nusu saa ya maelezo.

Binti_Ukerewe
Baba yake anasema tusubiri mwisho wa mwezi apate hela ya samaki ndiyo tuvuke.

Mwalimu_Igoma
Dada, Nansio hamhitaji kuvuka. Anzeni hapo kesho. Mtoto wa chini ya miaka mitano, sera ya serikali ni matibabu bila malipo kwenye vituo vya umma, ulizia dirisha la ustawi wa jamii likikwama. Nauli ya kivuko mnaweza kuitafuta wakati rufaa inaandikwa. Na mwonyeshe baba yake video na hayo aliyoandika dokta.

Mama_Pasiansi
Nimerudi na majibu. Jana alianza saa mbili na nusu usiku, akaenda kama dakika nane. Nilimwita, akasimama, akageuka, akacheka, kisha akaanza tena. Nilipoweka mkono mgongoni akalala. Anatembea, anasema mama na baba na "tita" kwa taa, na taa anaionyesha kwa kidole. Lakini wiki hii ana mafua, na nimeona akigonga anageuza upande wa kulia, halafu mchana anavuta sikio hilohilo. Zamani alikuwa anagonga katikati ya paji.

Tabibu_Ziwani
Vizuri sana, hapo umeona kama mtaalamu. Usiku wake ni wa kujituliza, sina shaka nao. Lakini kubadili upande pamoja na mafua na kuvuta sikio, hilo ni sikio linalohitaji kuangaliwa. Sikio la kati likivimba, maumivu yanazidi mtoto akilala, na kugonga kunamwondolea kidogo. Mpeleke kituo cha afya amulikwe sikio, na awe amepimwa joto. Usidondoshe mafuta ya nazi wala maji ya kitunguu. Kama ngoma ya sikio imetoboka, vinaingia ndani. Ukiona usaha umetoka, futa kwa kitambaa safi kilichosokotwa, bila kuchokonoa, uende siku hiyohiyo.

Kigamba cha paji kiache, kitapungua ukishahamisha godoro. Kikichanika na kutoa maji, ndipo kinahitaji dawa.

Mama_Pasiansi
Nitaenda Sekou Toure kesho. Lakini dokta, nikimlaza kitandani kwangu hagongi kabisa. Je, nimlaze kwangu mpaka aache?

Tabibu_Ziwani
Mimi ningemrudisha kwenye godoro lake, nikae naye dakika kumi za mwanzo, mkono mgongoni, saa ileile kila siku. Akilala kwako atajifunza kwamba usingizi unatokana na mwili wako, na usiku akizinduka atakutafuta.

Mwalimu_Igoma
Hapa sikubali dokta. Nyumba nyingi za Mwanza ni vyumba viwili na watoto wote wanalala na mama mpaka miaka mitatu, na hawajaharibika. Kama hagongi akilala na mama na wote wanapata usingizi, kwa nini avurugwe?

Tabibu_Ziwani
Mwalimu, kwa mtoto aliyepita mwaka sina hoja ya hatari, ni hoja ya mazoea tu. Kama mama analala vizuri na godoro liko chini, aendelee. Ila asimlaze katikati ya baba aliyekunywa na ukuta.

Fundi_Nyegezi
Mama Pasiansi, ukihamia godoro la chini usikitupe hicho kitanda cha mninga. Nifahamishe upana wa ubao wa kichwani, nitakuonyesha pa kutoboa ili boliti ziwe nne badala ya mbili, kisilegee tena akikirudia.

Binti_Ukerewe
Nimerekodi leo alfajiri. Ameinama mara kumi na saba. Tumefika Nansio, tuko kwenye foleni. Mgongoni ana baka moja jeupe, refu kama kidole, sikuwahi kulijali. Nimwambie daktari na hilo?

Tabibu_Ziwani
Mwambie. Na mwonyeshe video kabla hujaanza kueleza.